Jumapili Ni ya Pili au ya Kwanza? Somo la Majina ya Siku, Miezi na Vipindi vya Sikukuu

 

Leo tunaanza na swali ambalo linarudi rudi kwenye magrupu ya vijana, na mara nyingi linageuka kuwa ugomvi. Swali lenyewe ni hili: Injili zote nne zinasema kaburi lilikutwa wazi siku ya kwanza ya juma. Sisi tunaadhimisha ufufuko Jumapili. Sasa jina lenyewe "Juma-pili" si linasema ni siku ya pili? Basi siku ya kwanza ni Jumamosi? Mwingine anadakia kwamba kama Jumamosi ni "mosi", yaani ya kwanza, basi wenzetu wanaoshika Sabato siku ya saba wamekosea siku. Na mwingine naye anasema hapana, Wakatoliki ndio waliohamisha siku.

Ubishi huu wote umejengwa juu ya majina tu. Kwenye falsafa tunafundishwa mapema kutenganisha jina na kitu kinachoitwa kwa jina hilo. Hebu tufanye hivyo hapa. Tutaanza na siku, twende kwenye miezi, halafu tumalizie na Pasaka na Kwaresima, ambapo jua na mwezi vinakutana.

1. Juma letu lina hesabu mbili ndani yake

Andika siku saba kwenye karatasi, kuanzia Jumamosi: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Tano za kwanza ni namba tupu. "Mosi" na "pili" ni namna ya zamani ya kusema moja na mbili, ndiyo maana bado tunasema Mei Mosi na tarehe mosi. Kwa hiyo ni siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano.

Hesabu hiyo inaanzia wapi? Inaanzia baada ya Ijumaa. Neno Ijumaa limetoka Kiarabu na maana yake ni siku ya kukusanyika, kwa sababu Waislamu hukusanyika msikitini kwa sala ya mchana. Neno juma lina mzizi huo huo. Waswahili wa pwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, waliifanya Ijumaa kuwa kilele cha juma, kisha wakaanza kuhesabu upya kesho yake. Kesho ya Ijumaa ikawa Juma-mosi.

Sasa angalia jambo la ajabu. Baada ya Jumatano, yaani siku ya tano, inakuja Alhamisi. Alhamisi nalo ni neno la Kiarabu, na maana yake ni "ya tano". Kumbe juma letu lina siku mbili za tano, zinazofuatana! Inakuwaje?

Jibu ni kwamba Waarabu hawahesabu kuanzia Jumamosi. Kwao siku ya moja ni Jumapili, ya mbili ni Jumatatu, ya tatu ni Jumanne, ya nne ni Jumatano na ya tano ni Alhamisi. Jumamosi wanaiita Sabato kwa jina lake. Hesabu hii ndiyo hiyo hiyo ya Wayahudi, na ndiyo iliyokuwa inatumika Yerusalemu Bwana alipofufuka. Ukihesabu hivyo, siku ya kwanza ya juma ni Jumapili yetu, na siku ya saba ni Jumamosi yetu.

Kanisa nalo lilishika hesabu hiyo. Katika Kilatini cha liturujia, Jumatatu huitwa feria ya pili, Jumanne feria ya tatu, Jumatano feria ya nne, Alhamisi feria ya tano. Umeona? Alhamisi ya Kiswahili na feria ya tano ya Kilatini zinasema namba ile ile. Wareno, waliowahi kukaa pwani yetu, mpaka leo wanaziita siku zao kwa hesabu hiyo hiyo. Majirani zetu wengine wana mwanzo wa tatu kabisa: Wanyarwanda huiita Jumatatu siku ya kwanza, na Waganda huiita Jumanne siku ya pili.

Kwa hiyo mduara wa siku saba ni mmoja, ila watu wanaanza kuhesabu kutoka sehemu tofauti: Jumamosi, Jumapili au Jumatatu. Namba zinabadilika, lakini siku yenyewe haijahama. Mkatoliki wa Tanga, Mwarabu wa Maskati na Myahudi wa Yerusalemu wakiamka siku ya Bwana, wote wako ndani ya siku ile ile, hata kama mmoja anaiita ya pili na wawili wanaiita ya kwanza.

Basi hata ubishi wetu unapungua. Jina "Jumamosi" haliwezi kutumika kumwambia mwenzako kwamba siku yake ya Sabato siyo ya saba. Kwa hesabu ya Biblia ni ya saba kweli. Na jina "Jumapili" haliwezi kutumika kutuambia kwamba hatuadhimishi siku ya kwanza. Kanisa halidai kwamba Jumapili ni Sabato iliyohamishwa jina. Katekisimu namba 2175 inasema wazi kwamba Dominika ni tofauti na Sabato, nayo huifuata kila juma kwa mpangilio wa wakati. Tunaiadhimisha kwa sababu ya ufufuko.

Hapo unaona pia faida ya neno letu Dominika. Linatoka Kilatini na maana yake ni siku ya Bwana. Halina namba ndani yake, kwa hiyo halileti mkanganyiko. Ndiyo maana kwenye Misale utakuta Dominika ya Matawi na Dominika ya Pasaka, wakati mtaani tunasema Jumapili. Yote mawili ni sahihi.

2. Miezi ya mwandamo na jinsi inavyohesabiwa

Ukikaa Zanzibar, Lamu au Mombasa, utasikia watu wakitaja miezi ambayo haiko kwenye kalenda ya ukutani. Wanasema Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa. Baada ya hapo inakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Jumla ni miezi kumi na miwili.

Angalia tena namna ya kuhesabu. Kama juma linavyohesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa, mwaka nao unahesabiwa kuanzia baada ya Ramadhani. Mfunguo umetoka kwenye kufungua, yaani kumaliza kufunga. Mwezi wa kwanza baada ya kufungua ni Mfunguo Mosi, na siku yake ya kwanza ndiyo Idi el-Fitri. Idi ya kuchinja ni tarehe 10 Mfunguo Tatu. Maulidi ni tarehe 12 Mfunguo Sita. Ukijua hesabu hii, jirani yako akikuambia "mwezi wa Mfunguo Sita" huwezi kudhani ni Juni.

Miezi hii inaongozwa na mwezi wa angani. Jioni, jua likishazama, watu hutazama upande wa magharibi. Ule mwezi mwembamba kama ukucha ukionekana, husemwa mwezi umeandama, na mwezi mpya unaanza saa ile ile. Usipoonekana tarehe 29, wanakamilisha siku 30 kisha wanaendelea. Ndiyo sababu hutaona mwezi wa mwandamo wenye siku 31, na ndiyo sababu watu wa sehemu mbili wanaweza kupishana siku moja kwenye Idi: mmoja ameuona, mwingine mawingu yamemzuia, au anafuata tangazo la mahali pengine.

Na kwa kuwa mwezi huandama jioni, siku nayo huanza jioni. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, "usiku wa Ijumaa" ni ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao wengi wetu leo tungeuita Alhamisi usiku. Kijana Mkatoliki asishangae, maana sisi pia tunafanya hivyo. Masifu ya jioni ya Jumamosi ni Masifu ya kwanza ya Dominika. Misa ya Jumamosi jioni inahesabiwa kuwa ya Dominika. Kesha la Pasaka linafanyika usiku, na tayari ni Pasaka. Tumerithi hilo kutoka kwa Wayahudi, ambao siku yao huanza jua linapozama. Ndiyo maana wale waliomzika Yesu Ijumaa walikuwa na haraka: jua likizama, Sabato imeingia.

3. Zile siku kumi na moja

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa mwezi, yaani miandamo kumi na miwili, una siku 354 hivi. Mwaka wa jua una siku 365 na robo hivi. Tofauti ni kama siku 11. Kila watu wanaotazama angani wamekutana na pengo hili, na hapa kwetu unaweza kuona njia tatu tofauti za kuishi nalo.

Njia ya kwanza ni kuliacha pengo lilivyo. Ndivyo ilivyo kalenda ya Kiislamu. Ramadhani kila mwaka inatangulia kwa siku kama 11, na kwa takriban miaka 33 inazunguka majira yote: itakuwa masika, itakuwa kipupwe, itakuwa kiangazi. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa jua, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Hakuna aliyekosea hesabu hapo. Ni mwezi tu unakwenda mwendo wake.

Njia ya pili ni kuwa na kalenda mbili. Mkulima na baharia hawawezi kutumia Mfunguo Tatu kujua kusi itaanza lini, kwa sababu mwezi huo unahama. Kwa hiyo Waswahili walikuwa na mwaka wa jua pembeni, wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Siku ya kwanza ya mwaka huo iliitwa Siku ya Mwaka au Nairuzi, neno la Kiajemi. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaisherehekea mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Dini ilifuata mwezi, shamba na bahari vikafuata jua.

Njia ya tatu ni kuufunga mwezi kwenye jua. Unaacha pengo likue kwa miaka miwili au mitatu, halafu unaongeza mwezi wa kumi na tatu. Wayahudi wanafanya hivyo ili Pasaka yao ibaki kwenye majira yake. Kuna hesabu ya zamani inayosaidia: miaka 19 ya jua ni karibu sawa kabisa na miandamo 235, tofauti ni kama saa mbili tu. Miaka 19 mara miezi 12 ni 228, kwa hiyo unahitaji kuongeza miezi 7 katika kila miaka 19. Kanisa limejenga Pasaka juu ya hesabu hii.

4. Tupige hesabu ya Pasaka wenyewe

Noeli ina tarehe lakini haina siku: daima ni 25 Desemba, iwe Jumatatu au Ijumaa. Pasaka ina siku lakini haina tarehe: daima ni Dominika, ila inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Noeli inafuata jua peke yake. Pasaka inafuata jua, mwezi na juma kwa pamoja.

Mtaguso wa Nisea mwaka 325 ulitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni tunayoitumia ni hii: anza na 21 Machi, tarehe ambayo Kanisa linaihesabu kuwa siku ya usiku na mchana kulingana. Tafuta mwezi mpevu wa kwanza kuanzia siku hiyo. Dominika inayofuata baada ya mwezi huo mpevu ndiyo Pasaka.

Tuchukue mwaka 2026. Gawa 2026 kwa 19: unapata 106 na baki 12. Ongeza moja kwenye baki, unapata 13. Hii inaitwa namba ya dhahabu, nayo inakuambia mwaka huo ni wa ngapi katika mzunguko wa miaka 19. Katika jedwali la Kanisa, kwa karne yetu hii, mwaka wenye namba 13 una mwezi mpevu tarehe 2 Aprili. Mwaka 2026 tarehe hiyo ni Alhamisi. Dominika inayofuata ni tarehe 5 Aprili. Hiyo ndiyo Pasaka.

Ukishaipata Pasaka, vipindi vingine vinafuata kama mabehewa. Rudi nyuma siku 46, unapata Jumatano ya Majivu, 18 Februari. Kwaresima maana yake ni arobaini. Zile sita za ziada ni Dominika ambazo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga. Nenda mbele, ukihesabu Pasaka yenyewe kuwa siku ya kwanza, na siku ya hamsini ni Pentekoste, 24 Mei. Pentekoste nalo ni neno la namba: ni Kigiriki, maana yake "ya hamsini".

Sasa mwaka 2025. Namba ya dhahabu ni 12, na jedwali linatoa mwezi mpevu tarehe 13 Aprili, ambayo ilikuwa Dominika. Hapa wengi wanakosea kwa kusema Pasaka ni hiyo hiyo 13 Aprili. Hapana. Kanuni inasema Dominika baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo tunasogea juma zima. Tarehe 13 ikawa Dominika ya Matawi, na Pasaka ikawa tarehe 20.

Kuna mtego mwingine. Mwezi wa Kanisa ni mwezi wa jedwali, siyo ule unaouona kwa macho. Kwa kawaida vinakubaliana, au vinapishana siku moja tu. Lakini mwaka 2019 mwezi ulipevuka alfajiri ya tarehe 21 Machi kwa saa zetu, saa chache baada ya usiku na mchana kulingana. Aliyetazama angani alitegemea Pasaka tarehe 24 Machi. Jedwali lenyewe lilikuwa limeuweka mwezi huo mpevu tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka. Basi haukuhesabiwa, tukasubiri wa Aprili, na Pasaka ikawa tarehe 21 Aprili. Ukikuta hesabu yako imepishana na kalenda ya parokia kwa wiki nne au tano, chunguza hapo kwanza.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni hii: usiku wa Alhamisi Kuu, ukitoka kanisani, tazama juu. Kama hakuna mawingu utauona mwezi mkubwa, mpevu au karibu na kupevuka. Ni mwezi wa namna hiyo hiyo uliowaka Bwana alipokwenda Getsemane, kwa sababu Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa mwezi unapopevuka.

5. Kwa nini Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na kwa nini zitaachana

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani viliangukia juma moja. Wengi walifunga pamoja na majirani zao, na wengine walisikika wakisema "wenzetu kalenda yao inahama, yetu imetulia". Hebu tuangalie kama ni kweli.

Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, kwa hiyo Majivu ni 10 Februari. Ramadhani nayo itaanza karibu na tarehe 8. Kumbe zote mbili zimerudi nyuma, kwa sababu zote zinafuata mwezi ule ule. Mwaka 2028 Pasaka ni 16 Aprili na Majivu ni 1 Machi, lakini Ramadhani itaanza mwishoni mwa Januari. Hapo ndipo zinaachana. Ule mwezi wa kumi na tatu umeingizwa kwenye hesabu ya Pasaka, ukaisukuma Kwaresima mbele, wakati Ramadhani imeendelea na safari yake.

Kwa hiyo yetu haijatulia. Nayo inahama, ila imefungwa kamba isiende mbali. Ukimwambia jirani yako Mwislamu kwamba sikukuu zake "hazina tarehe", mkumbuke pia Pasaka. Yake ina tarehe moja isiyobadilika kabisa, tarehe mosi Mfunguo Mosi. Ni kwenye kalenda ya jua tu ndipo inaonekana kuhama.

Kazi ya kufanya kwenye jumuiya au kikundi chenu

1. Thibitisheni Pasaka ya mwaka 2028. Gawa kwa 19, ongeza moja kwenye baki. Jedwali linatoa mwezi mpevu tarehe 10 Aprili kwa namba utakayopata. Tarehe hiyo ni siku gani, na Dominika inayofuata ni lini?
2. Ulizeni wazee wa lugha zenu za nyumbani: juma lenu linaanza kuhesabiwa siku gani?
3. Mwenzako anasema, "Jumapili ni siku ya pili, jina lenyewe linasema." Utamjibuje kwa kutumia neno Alhamisi?

Tukutane somo lijalo. Tuendelee kuombeana.